Kuzidisha Mara Tatu Badala ya Mara Nne

Mwaka 1960, majira ya vuli, mwanahisabati Andrei Kolmogorov aliendesha semina katika Chuo Kikuu cha Moscow kuhusu maswali ya hisabati yaliyoletwa na kompyuta. Moja ya maswali hayo lilionekana jepesi mno kwa mtu wa hadhi yake: kuzidisha namba mbili kunahitaji kazi kiasi gani? Kolmogorov aliamini kuwa jibu analo. Alisema kwamba namba mbili zenye tarakimu mia kila moja haziwezi kuzidishwa bila hatua zinazokaribia mia mara mia, na kwamba hakuna ujanja wa kukwepa hilo. Hoja yake ilikuwa ya busara. Watu wamezidisha kwa maelfu ya miaka. Kama ingekuwapo njia ya haraka zaidi, ingekwisha kuonekana zamani.

Miongoni mwa waliomsikiliza alikuwamo kijana wa miaka 23, Anatoly Karatsuba, mzaliwa wa Grozny. Haikupita wiki akarudi na njia iliyovunja dai hilo. Njia yenyewe inatumia kujumlisha, kutoa na kuzidisha tu, mambo ambayo mtoto wa shule ya msingi anayajua. Ndiyo maana naiona kuwa moja ya vitu vya kushangaza katika hisabati ya karne iliyopita. Haikuhitaji nadharia mpya wala alama mpya. Ilikuwa wazi mbele ya macho ya kila mfanyabiashara, karani na mwalimu aliyewahi kushika kalamu, na hakuna aliyeiona.

Tuanze na njia ya shule. Ukizidisha 4,723 kwa 3,815 kwa kupanga wima, kila tarakimu ya namba ya chini inazidishwa na kila tarakimu ya namba ya juu. Tarakimu nne kwa tarakimu nne ni tebo kumi na sita, kisha unajumlisha mistari. Namba zikiwa na tarakimu nane kila moja, tebo zinakuwa sitini na nne. Hapo ndipo penye tatizo: urefu wa namba ukiongezeka mara mbili, kazi inaongezeka mara nne. Namba za tarakimu elfu moja zinadai tebo milioni moja.

Sasa tuzigawe namba zetu katikati. Namba 4,723 ni 47 mamia na 23. Namba 3,815 ni 38 mamia na 15. Wazia shamba la mstatili lenye urefu wa hatua 4,723 na upana wa hatua 3,815. Ukipiga mstari mmoja kwa urefu na mwingine kwa upana pale namba zinapogawanyika, unapata vipande vinne. Kipande kikubwa ni 47 mamia kwa 38 mamia. Kipande kidogo cha pembeni ni 23 kwa 15. Katikati yake vimebaki vipande viwili virefu vyembamba: 47 mamia kwa 15, na 23 kwa 38 mamia. Eneo la shamba zima ni jumla ya vipande vinne.

Kila kipande kinadai kuzidisha kumoja kwa namba za tarakimu mbili, kwa hiyo tuna 47 × 38, 47 × 15, 23 × 38 na 23 × 15. Mazao manne. Hapa mtu anaweza kudhani ameshapata nafuu kwa sababu namba zimekuwa fupi, lakini bado. Kila zao la tarakimu mbili kwa tarakimu mbili lina tebo nne, na nne mara nne ni kumi na sita zilezile. Kugawa nusu peke yake hakupunguzi kitu, hata ukigawa tena na tena.

Jicho la Karatsuba lilitua kwenye vile vipande viwili vya katikati. Kimoja ni 47 mamia kwa 15, kingine ni 23 kwa 38 mamia. Vyote viwili vinahesabika kwa mamia. Kwa kuwa vinakaa katika nafasi moja, mwishoni vitajumlishwa tu. Jibu la mwisho halina haja ya kujua 47 × 15 ni ngapi peke yake, wala 23 × 38 ni ngapi peke yake. Linachotaka ni jumla yao. Basi je, inawezekana kuipata jumla hiyo bila kuzidisha mara mbili?

Inawezekana. Chukua nusu mbili za namba ya kwanza uzijumlishe: 47 na 23 ni 70. Fanya vivyo hivyo kwa namba ya pili: 38 na 15 ni 53. Zidisha 70 kwa 53, upate 3,710. Zao hili moja limebeba vipande vyote vinne kwa pamoja: 47 × 38, 47 × 15, 23 × 38 na 23 × 15, safari hii vyote vikiwa mamoja, bila sifuri za mamia. Vile viwili tusivyovitaka ndani yake, yaani kikubwa na kidogo, tutavikokotoa kwa vyovyote vile, kwa sababu jibu linavihitaji. Tukishavipata tunaviondoa, na kinachobaki ni jumla ya vile viwili vya katikati.

Tufuate hesabu yenyewe hatua kwa hatua. Zao la nusu za kushoto, 47 × 38, ni 1,786. Zao la nusu za kulia, 23 × 15, ni 345. Zao la majumuisho, 70 × 53, ni 3,710. Toa 1,786 kwenye 3,710, zinabaki 1,924. Toa na 345, zinabaki 1,579. Hiyo ndiyo sehemu ya katikati. Anayetaka kuhakikisha azidishe 47 kwa 15, apate 705, na 23 kwa 38, apate 874. Jumla yake ni 1,579.

Kilichobaki ni kurudisha kila kipande kwenye nafasi yake. Cha kushoto kilikuwa mamia kwa mamia, kwa hiyo kinapata sifuri nne: 17,860,000. Cha katikati kinapata sifuri mbili: 157,900. Cha kulia kinabaki 345. Jumla ni 18,018,245. Tumezidisha mara tatu, si mara nne.

Anayependa herufi aziite nusu za namba ya kwanza *a* na *b*, na za namba ya pili *c* na *d*. Sehemu ya katikati ni *ad + bc*, na kanuni nzima inatosha katika mstari mmoja:

```
ad + bc = (a + b)(c + d) − ac − bd
```

Je, kuokoa zao moja katika manne ni jambo kubwa? Kwa namba za tarakimu nne, si kubwa. Mazao matatu ya tarakimu mbili yana tebo kumi na mbili badala ya kumi na sita, na tebo nne ulizookoa umezilipia kwa kujumlisha mara mbili na kutoa mara mbili zaidi. Kwa kalamu na karatasi, faida na gharama karibu zinalingana. Anayekuahidi kuwa njia hii itakufanya uwe mwepesi sokoni anakudanganya.

Nguvu yake inatoka mahali pengine. Yale mazao matatu madogo nayo ni kuzidisha, na hakuna kinachotuzuia kuyagawa nusu vilevile. Chukua namba mbili za tarakimu nane. Zinageuka mazao matatu ya tarakimu nne. Kila moja linageuka matatu ya tarakimu mbili, jumla tisa. Kila moja kati ya hayo tisa linageuka matatu ya tarakimu moja, jumla ishirini na saba. Njia ya shule ingedai sitini na nne. Kila ngazi tunayoshuka tunaokoa robo ya kilichobaki, na robo hizo zinarundikana. Namba za tarakimu 1,024 zinagawanyika nusu mara kumi kabla ya kufikia tarakimu mojamoja, na tatu ikizidishwa kwa yenyewe mara kumi ni 59,049. Kwa njia ya shule ni nne mara kumi, yaani 1,048,576. Tofauti imekuwa zaidi ya mara kumi na saba, na inazidi kupanuka kadiri namba zinavyorefuka. Kwa njia ya shule, urefu ukiongezeka mara mbili kazi inaongezeka mara nne. Kwa njia ya Karatsuba inaongezeka mara tatu.

Kujumlisha na kutoa kwa ziada hakuiharibu faida hiyo, kwa sababu ni kazi nyepesi kuliko kuzidisha. Kujumlisha namba mbili za tarakimu elfu moja kunadai hatua zipatazo elfu moja. Kuzidisha namba hizohizo kwa njia ya shule kunadai milioni moja. Kwa namba ndefu, kubadilisha zao moja kwa majumuisho machache ni biashara nzuri sana.

Hata hivyo kuna vikwazo vya vitendo, na anayejaribu njia hii kwa mara ya kwanza, kwa mkono au kwa kuandika programu, hukutana navyo mapema. Cha kwanza ni kwamba jumla inaweza kuzidi urefu wa nusu. Chukua 6,158 mara 7,294. Nusu za kwanza ni 61 na 58, jumla 119. Za pili ni 72 na 94, jumla 166. Tulitaka kubaki na tarakimu mbili, sasa tuna tatu. Hesabu bado ni sahihi, ila zao la tatu limekuwa zito kuliko mengine, na programu iliyotenga nafasi ya tarakimu mbili tu itapoteza tarakimu ya mbele na kutoa jibu la uongo bila kulalamika.

Dawa yake ni kutumia tofauti badala ya jumla. Tofauti ya nusu mbili haiwezi kuwa ndefu kuliko nusu zenyewe. Kanuni inabadilika kidogo:

```
ad + bc = ac + bd − (a − b)(c − d)
```

Kwa namba zetu, 61 × 72 ni 4,392 na 58 × 94 ni 5,452. Tofauti ya kwanza, 61 kutoa 58, ni 3. Ya pili, 72 kutoa 94, ni hasi 22. Zao lao ni hasi 66. Kutoa hasi ni kuongeza, kwa hiyo sehemu ya katikati ni 4,392 na 5,452 na 66, jumla 9,910. Badala ya kuhangaika na 119 × 166, tumezidisha 3 kwa 22. Jibu kamili ni 43,920,000 na 991,000 na 5,452, yaani 44,916,452. Mimi huipenda zaidi njia hii ya tofauti, hasa kwa mkono, lakini ina bei yake: lazima ukumbuke alama. Tofauti moja ikiwa hasi na nyingine chanya, unaongeza. Zikilingana alama, unatoa. Wengi wanaokosea hukosea hapo.

Kikwazo cha pili ni mahali pa kukata. Namba zisipolingana urefu, kata kwa kuhesabu kutoka kulia, si kutoka kushoto. Katika 4,723 mara 815, namba ya pili inakatwa 8 na 15, kwa sababu tarakimu mbili za kulia ndizo zinazokaa chini ya mamia. Aliyekata 81 na 5, kisha akaendelea na sifuri zilezile nne na mbili, amezidisha 4,723 kwa 8,105 bila kujua. Jibu lake litakuwa kubwa karibu mara kumi. Sifuri iliyo mwanzoni mwa nusu ya kulia nayo ina mtego wake: 8,206 ni 82 na 06, na 06 ni sita tu katika kuzidisha, lakini nafasi yake ni ya tarakimu mbili.

Kuna ukaguzi wa zamani wa kutoa tisa, ambao baadhi ya wasomaji watakuwa wanaukumbuka: jumlisha tarakimu za kila namba mpaka ibaki moja, uzidishe, na ulinganishe na jibu. Kwa 4,723 tunapata 7, kwa 3,815 tunapata 8. 7 mara 8 ni 56, inayoshuka hadi 11, kisha 2. Tarakimu za 18,018,245 zinajumlika 29, inayoshuka hadi 11, kisha 2. Zimelingana. Ukaguzi huu hukamata makosa mengi ya kuzidisha na kutoa, lakini kwa njia ya Karatsuba una upofu mmoja mbaya. Sifuri haziongezi kitu kwenye jumla ya tarakimu, kwa hiyo kipande kilichowekwa mahali pasipo pake hupita bila kuonekana, na kuweka vipande mahali pake ndiyo kazi inayokosewa kwa urahisi zaidi hapa. Kwa hiyo ongeza kadirio la haraka: elfu nne na mia saba mara elfu tatu na mia nane ni karibu milioni kumi na nane. Jibu likija milioni mia moja themanini, au milioni moja na nusu, tatizo liko kwenye sifuri.

Kikwazo cha tatu kinahusu kompyuta. Kushuka mpaka tarakimu mojamoja, kama tulivyofanya kwa mfano, hakuna anayekufanya katika programu halisi. Kila mgawanyo una gharama za kukata, kujumlisha na kuhifadhi majibu ya muda, na kwa namba fupi gharama hizo zinameza faida yote. Ndiyo sababu programu huweka kizingiti: chini yake zinatumia njia ya shule, juu yake zinagawa nusu. Lugha ya Python, inayofundishwa sana vyuoni, huhifadhi namba ndefu katika vipande vya biti 30, na kizingiti chake ni vipande 70. Hiyo ni sawa na takriban tarakimu 630 za kawaida. Namba za biti 2,048 zinazotumika katika funguo za siri za RSA zina tarakimu kama 617, kwa hiyo Python inapozizidisha bado hutumia njia ya shule. Zikirefuka kidogo tu, Karatsuba anaingia kazini. Na moja ikiwa fupi mno kuliko nyingine, Python haiigawi kwa nguvu. Inaikata ndefu vipande vyenye urefu wa ile fupi na kuvizidisha kimoja kimoja.

Turudi kwa kijana mwenyewe. Karatsuba alimweleza Kolmogorov alichopata baada ya semina. Kolmogorov alifadhaika, kwa kuwa dai lake lilikuwa limeanguka. Katika kikao kilichofuata aliwaeleza wahudhuriaji njia hiyo, na semina ikafungwa. Mwaka 1962 ilitoka makala fupi katika jarida la Akademia ya Sayansi ya Umoja wa Kisovyeti ikiwa na majina ya Karatsuba na Yuri Ofman. Karatsuba hakuiandika. Kolmogorov ndiye aliyeishughulikia, na mwandishi aliyetajwa alijua kuhusu makala yake alipopokea nakala zilizochapishwa. Binafsi naona katika kisa hiki heshima ya mwalimu ambaye, baada ya kushindwa na mwanafunzi, alihakikisha ugunduzi unajulikana kwa jina la mwenyewe.

Mlango ulipofunguka, wengine wakaingia haraka. Mwaka 1963 Andrei Toom alionyesha kuwa namba zinaweza kugawanywa sehemu tatu na kuzidishwa mara tano badala ya mara tisa. Mwaka 1971 Arnold Schönhage na Volker Strassen walileta njia ya haraka zaidi kwa namba ndefu mno. Mwaka 2019 David Harvey na Joris van der Hoeven walitangaza njia ambayo kazi yake inakua kwa kasi iliyo juu kidogo tu ya urefu wa namba zenyewe. Hiyo ya mwisho inafaa kwa namba kubwa kiasi kwamba hakuna anayeitumia kwa kazi halisi. Ya Karatsuba inatumika kila siku.

Msomaji anayetaka kuishika njia hii asiishie kusoma. Achukue karatasi azidishe 8,206 kwa 5,317, kwanza kwa kupanga wima kama alivyofundishwa shuleni, kisha kwa mazao matatu, akitumia tofauti na kuiangalia vizuri ile 06. Sehemu ya katikati inapaswa kuwa 1,712, na jibu ni 43,631,302.